Sahihi ya nani inamrudisha marehemu nyumbani?

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Aliyekufa hana tena neno. Wengine ndio watakaoamua avikwe nini, azikwe wapi na lini. Kijijini methali hiyo haina tabu, kwa kuwa kila mtu anajua nani wa kuulizwa. Tabu huanza pale mtu anapofia ng'ambo ya mpaka, ambako daktari, polisi, ofisa wa ubalozi na mwenye gari la kubeba maiti hawaujui ukoo wake wala mila zake. Hao wote wanataka jambo moja: jina la mtu mmoja, kitambulisho chake na sahihi yake.

Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ianze kutumika Julai 1, 2010, kuvuka mpaka kwenda kutafuta riziki kumekuwa jambo la kawaida. Fundi wa Arusha yuko Nairobi, mwalimu wa Uganda yuko Kigali, mfanyabiashara wa Bukavu yuko Bujumbura. Watu wakiishi huko, watu watafia huko. Msiba unapotokea, familia hukimbilia kwanza kuzungumzia fedha: jeneza, gari, nauli, michango. Fedha ni mzigo wa kweli, lakini mara kwa mara zinapatikana na mwili bado umelala mochwari. Kinachokwama ni swali ambalo halikujibiwa mtu alipokuwa hai: nani ana mamlaka ya kuamua juu yake akifa?

Chukua mfano wa mtu wa Muleba, mkoani Kagera, mwenye umri wa miaka 52, anayeuza vipuri vya magari jijini Kampala. Muleba ana mke wa ndoa ya kanisani na watoto wanne, wa kwanza akiwa kijana wa miaka 26. Kampala ameishi miaka tisa na mwanamke mwingine, na wamezaa watoto wawili. Alhamisi usiku anapata kiharusi na kufia hospitalini. Aliyempeleka hospitali ni yule mwanamke wa Kampala, na katika fomu ya kupokelewa mgonjwa, penye nafasi ya ndugu wa karibu, limeandikwa jina lake. Kwa hospitali, huyo ndiye familia.

Kesho yake asubuhi kaka wa marehemu anafika kwa basi kutoka Muleba, mkononi ana barua ya ofisa mtendaji wa kijiji inayosema yeye ndiye mwakilishi wa ukoo. Anaomba mwili. Mochwari inamjibu kwa heshima kwamba barua hiyo ni ya nchi nyingine na jina lake halimo katika fomu. Mwanamke naye anasema marehemu alikuwa amenunua kiwanja karibu na Masaka na alitaka azikwe hapo. Mke wa Muleba anapiga simu ubalozini akilia, anataka mume wake arudi. Ifikapo Jumatatu ubalozi una barua mbili zinazopingana, na mochwari imeambiwa isimpe mtu yeyote mwili. Gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kwa siku.

Katika mfano huu hakuna mwizi wala mtu mwenye roho mbaya. Hospitali imefuata fomu yake, na ni vizuri ifuate, kwa maana mwili ukitolewa kwa mtu asiye sahihi haurudishwi tena. Ubalozi hauwezi kuchagua kati ya wajane wawili. Kaka anatimiza wajibu aliotumwa na wazee. Mwanamke wa Kampala ndiye aliyemuuguza mgonjwa. Tatizo ni kwamba kila mmoja ameshika kipande cha mamlaka na kukidhania kuwa mamlaka yote.

Ili kuelewa mahali pa kukwamua jambo hili, inafaa kuifuata safari ya karatasi hatua kwa hatua. Karatasi ya kwanza ni taarifa ya kifo kutoka hospitali, yenye sababu ya kifo iliyoandikwa na daktari. Mtu akifia nyumbani, barabarani au kwa namna ya kutia shaka, polisi huingia kwanza na uchunguzi wa maiti hufanywa kabla ya jambo lolote. Familia isiuone uchunguzi huo kama usumbufu, kwa sababu mwili ukizikwa ng'ambo ya pili bila ripoti, madai ya bima au kesi ya ajali hubaki bila mguu.

Kwa taarifa hiyo kifo husajiliwa katika nchi kilipotokea. Uganda kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Taifa ya Utambulisho na Usajili, NIRA, kwa mujibu wa sheria ya usajili wa watu ya mwaka 2015. Kenya ni idara ya usajili wa raia, na Tanzania ni RITA. Hapa ndipo kosa dogo huzaa kubwa. Marehemu wa Muleba katika pasipoti anaitwa Yohana, lakini Kampala wateja wote walimwita John na hospitali ikaandika John. Cheti cha kifo kikitoka na jina tofauti na pasipoti, ubalozi utasita, mpakani watauliza, na miezi kadhaa baadaye mahakama ya mirathi itauliza tena. Kurekebisha jina kabla cheti hakijatoka ni kazi ya dakika chache dirishani. Baada ya hapo huhitaji kiapo mbele ya wakili na kurudi ofisini upya. Kwa hiyo anayepeleka taarifa aende na pasipoti au kitambulisho cha taifa cha marehemu, asome jina herufi kwa herufi kabla ya kuondoka, na aombe nakala kadhaa zilizothibitishwa.

Kisha unakuja ubalozi wa nchi ya marehemu. Huko hupelekwa taarifa au cheti cha kifo, pasipoti na barua ya familia. Ubalozi hubatilisha pasipoti na kuandika barua ya kueleza kwamba nchi haina pingamizi mwili urudi. Barua hiyo humtaja anayekabidhiwa mwili. Wengi hudhani ubalozi ndio unaolipa na kusafirisha. Kazi yake kubwa ni kutambua na kuthibitisha, na ili uthibitishe lazima familia izungumze kwa sauti moja.

Wakati huo mochwari inauhifadhi mwili kwa dawa na kutoa cheti cha kazi hiyo. Mamlaka ya afya hutoa cheti kwamba marehemu hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza wa hatari, na jeneza huzibwa, mara nyingi likiwa na bati la zinki ndani ikiwa ni kwa ndege. Wapo wanaoziona karatasi hizi kuwa urasimu mtupu. Watu wa ukanda wa Kagera na Uganda hawana sababu ya kusema hivyo. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Januari 2025 ulithibitishwa tena katika mkoa huo huo, wilayani Biharamulo, na mwezi huo huo Uganda ikatangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan jijini Kampala. Magonjwa hayo huambukiza hata baada ya mgonjwa kufa, na mazishi ya kuosha na kugusa mwili ni moja ya njia zake kuu. Cheti cha afya kinamlinda mama atakayemwosha mwanawe kijijini kuliko kinavyomlinda ofisa wa mpakani.

Hatua ya mwisho ni barabara. Kutoka Kampala kupitia Masaka hadi Mutukula ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka hapo hadi Bukoba ni kilomita zipatazo 80. Mutukula ni kituo cha pamoja cha mpaka, maana yake maofisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja na msafiri hukaguliwa upande anaoingilia. Mwili unaotoka Uganda hukaguliwa upande wa Tanzania na maofisa wa afya, uhamiaji na forodha. Karatasi zikiwa kamili na jina likiwa moja, kazi hiyo huisha kwa muda mfupi. Ikiwa barua ya ubalozi inamtaja kaka na hati ya gari inamtaja mwanamke wa Kampala, gari litasimama hapo huku waombolezaji wakipiga simu.

Kwa hiyo katika safari nzima sahihi inatakiwa mara tatu: kutoa mwili mochwari, kuomba barua ya ubalozi, na kupokea mwili mwisho wa safari. Kwa ndege mpokeaji huandikwa katika hati ya mzigo, kwa kuwa mwili husafiri kama mzigo hata pale ndugu yuko ndani ya ndege hiyo hiyo. Zikiwa ni sahihi za watu watatu wasioelewana, mwili utakwama mahali pamoja kati ya hapo patatu.

Sasa lile swali kubwa. Nani hasa mwenye haki ya kuamua? Afrika Mashariki haijawahi kuwa na jibu moja, na kesi inayojulikana kuliko zote ilitokea bila mwili kuvuka mpaka wowote. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mila za Waluo. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilitoa haki kwa ukoo, na Mei 23 alizikwa Nyalgunga, miezi mitano baada ya kufa. Kwa miaka mingi hukumu hiyo ilisomwa kama neno la mwisho kwamba mjane hana kauli mbele ya ukoo.

Tangu hapo mambo yamesogea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mila inayopingana na Katiba ni batili, na inawapa wanandoa haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika. Baadhi ya majaji wameanza kuuliza nani aliyekuwa karibu zaidi na marehemu katika maisha yake, na mara nyingi huyo ni mwenza wa ndoa. Lakini kanuni moja ya zamani bado imesimama katika mahakama zilizorithi sheria ya Kiingereza: maiti si mali ya mtu. Hakuna anayeirithi. Kuna mtu mwenye wajibu wa kuizika, na haki ya kuamua hutokana na wajibu huo.

Misiba miwili ya wafalme wa nchi jirani inaonyesha jambo hili likiamuliwa nje ya Afrika. Mfalme Kigeli wa Tano Ndahindurwa wa Rwanda alifariki Marekani Oktoba 16, 2016, baada ya zaidi ya nusu karne uhamishoni. Hakuwa na mke. Ndugu zake walitaka arudi Rwanda, na baadhi ya watu waliokuwa karibu naye uhamishoni walisema yeye mwenyewe hakutaka hivyo. Mahakama ya Fairfax ilisikiliza pande zote na mapema Januari 2017 ikawapa haki wale ndugu. Alizikwa Mwima, Nyanza, Januari 15, 2017, karibu miezi mitatu baada ya kifo.

Mfalme Mwambutsa wa Nne wa Burundi alifariki Geneva, Uswisi, mwaka 1977, akazikwa Meyrin. Huyu aliacha wosia ulioandikwa kwamba mwili wake usirudishwe Burundi. Mwaka 2012 kaburi lilifukuliwa, serikali ya Burundi na binti yake wakitaka azikwe upya nyumbani kwa heshima za taifa. Mpwa wake alipinga mahakamani. Mwili ulikaa Geneva miaka mitano kesi ikipanda ngazi za mahakama, na mwisho mahakama za Uswisi ziliheshimu wosia. Mwaka 2017 mfalme alirudishwa kaburini Meyrin. Hapo binti alishindwa, na serikali nzima ilishindwa, mbele ya karatasi ya mtu aliyekufa miaka 40 nyuma.

Ukiziweka kesi hizo pamoja, tofauti inaonekana. Kwa Kigeli mapenzi yake yalisimuliwa na watu wengine, na mahakama ikaegemea damu. Kwa Mwambutsa mapenzi yake yaliandikwa, na mahakama ikaegemea maandishi. Yule mwanamke wa Kampala anaposema marehemu alitaka azikwe Masaka, huenda anasema kweli. Lakini neno lisiloandikwa, linaloletwa na mtu mwenye maslahi, halina nguvu ya kuzuia mke wa ndoa na watoto.

Katika ubishi wa aina hii familia huchanganya mambo matatu ambayo yangepaswa kutenganishwa. La kwanza ni kuamua mahali pa kuzika. La pili ni kusaini karatasi. La tatu ni kulipa. Mwenye kusaini anaweza kuwa kaka aliyeko Kampala kwa sababu yuko karibu na ofisi, ilhali mwenye kuamua ni mjane aliyeko Muleba. Hilo halina ubaya, mradi liwe limeandikwa kwamba kaka anasaini kwa niaba yake.

Lile la tatu ndilo linaloharibu misiba mingi kimyakimya. Kamati ya michango inaundwa katika kundi la simu, mwenyekiti wake anapatikana kuwa mwenye kipato kikubwa, na baada ya siku mbili anaanza kutoa amri: mwili utasafiri siku hii, utapita nyumba hii, mjane atakaa pale. Hakuna aliyemchagua kuamua. Alichaguliwa kushika fedha. Anayelipa anastahili shukrani na hesabu safi, lakini mamlaka juu ya mwili hayanunuliwi kwa mchango.

Kwa wale wanaofia nchi za Ghuba, uzito wa sahihi ni mkubwa zaidi, kwa sababu familia iko mbali na mwajiri yuko karibu. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia, kifungu cha 40, inamtwika mwajiri gharama za kuandaa na kusafirisha mwili wa mfanyakazi hadi mahali mkataba ulipofungwa au alipoajiriwa, isipokuwa kama amezikwa huko kwa ridhaa ya familia. Wafanyakazi wa majumbani hawamo katika sheria hiyo. Wana kanuni zao na mkataba wao, kwa hiyo kwao mkataba ndio wa kusomwa kwanza. Familia inayoletewa karatasi ya kukubali mazishi ya huko inapaswa kujua kwamba karatasi hiyo inaweza kumwondolea mwajiri mzigo wa usafiri. Kumzika huko si kosa. Familia nyingi za Kiislamu huona kumzika marehemu upesi pale alipofia ni bora kuliko kumngoja wiki kadhaa. Lakini uamuzi huo ufanywe na mwenye haki, akiwa ameelewa anachosaini, na baada ya kuuliza mishahara na mafao ya marehemu yako wapi.

Mkwamo wa mtu wa Muleba una njia ya kutoka, na njia hiyo haipiti mahakamani. Tanzania ina desturi ya kikao cha ukoo kinachoketi baada ya msiba kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake hupelekwa mahakama ya mwanzo. Kinachotakiwa ni kikao cha namna hiyo kiketi mapema, kabla ya mazishi, kwa jambo moja tu la mwili. Muhtasari wa ukurasa mmoja unatosha. Utaje jina la marehemu kama lilivyo katika pasipoti na namba yake. Utaje mke wa ndoa na namba ya cheti cha ndoa. Useme mahali pa kuzikia palipoamuliwa. Umtaje mtu mmoja aliyeko Kampala wa kutoa mwili, na mtu mmoja wa kuupokea Muleba. Usainiwe na mjane kwanza, kisha mtoto mkubwa, kisha kaka, na ugongwe muhuri na ofisa mtendaji. Karatasi hiyo ikiambatanishwa na nakala ya cheti cha ndoa na kupelekwa ubalozini, ubalozi unapata msingi wa kuandika barua moja yenye jina moja, na hospitali inapata barua ya kuiweka katika faili lake badala ya neno la mdomo.

Lakini karatasi hiyo haikamiliki bila mwanamke wa Kampala. Yeye ndiye aliye katika fomu ya hospitali, na akigoma anaweza kwenda mahakamani Uganda kuomba zuio. Ukoo wenye busara haumfukuzi. Unamwita, unamwomba asaini kwamba hana pingamizi, na unamwahidi mbele ya mashahidi mambo mawili ambayo mara nyingi ndiyo yanayomtia hofu: kwamba yeye na watoto wake wawili watapanda gari la msiba na kuketi na wafiwa, na kwamba watoto wataandikwa miongoni mwa watoto wa marehemu itakapofika mirathi. Ukimsikiliza vizuri utakuta kiwanja cha Masaka ndicho anacholilia kuliko kaburi. Anajua mwili ukivuka Mutukula, na duka na kiwanja vitafuatwa na watu wenye funguo mpya. Mgogoro wa maiti mara nyingi ni mgogoro wa mali uliowahi kufika. Mtu akihakikishiwa kwamba mali itasubiri sheria, huachilia mwili.

Ikifanyika hivyo Ijumaa, mwili unaweza kuwa njiani katikati ya wiki inayofuata. Isipofanyika, wiki tatu hupita, bili ya mochwari inamaliza michango, na ndugu wanaingia kaburini hawasalimiani.

Wapo wazee watakaosema kwamba kumtanguliza mjane ni kuua mila. Hoja yao isipuuzwe. Ukoo ndio unaobaki na kaburi, ndio unaolilinda, na katika jamii nyingi za ukanda huu mtu asiyezikwa kwao huhesabiwa kuwa hakufika. Lakini mila hizo hizo ziliundwa kwa watu waliokufa nyumbani, wakiwa na wake zao, mbele ya wazee wale wale waliowaoza. Hazikumwazia mtu anayekufa kilomita 300 kutoka kwa wazee hao, mikononi mwa daktari asiyejua hata jina la kijiji chake. Mbele ya daktari huyo cheti cha ndoa kina nguvu ambayo mzee hana. Ukoo unaomtanguliza mjane na kusimama nyuma yake hupata mwili upesi kuliko ukoo unaoshindana naye.

Serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zina deni. Ulaya, kwa mkataba uliosainiwa Strasbourg mwaka 1973, nchi wanachama zilikubaliana juu ya hati moja ya kupitisha maiti, yenye jina, umri, mahali, tarehe na sababu ya kifo, na kanuni moja ya jeneza. Afrika Mashariki ina pasipoti ya pamoja na vituo vya pamoja vya mipaka, lakini mfiwa anayetoka Kampala kwenda Muleba na anayetoka Nairobi kwenda Moshi huulizana kwa simu karatasi gani zinatakiwa safari hii. Baraza la mawaziri wa Jumuiya linaweza kukubali hati moja ya namna hiyo, kwa Kiswahili, yenye nafasi ya kumtaja mtu mmoja mwenye mamlaka na maelezo ya mamlaka hayo yametoka wapi. Orodha ya karatasi zinazotakiwa ibandikwe ukutani Mutukula, Namanga, Busia, Rusumo na kwingineko, ili wakala wa njiani asiwe ndiye anayeisoma kwa bei yake.

Na pawepo mpangilio unaofanana wa nani wa kuulizwa kwanza: aliyetajwa kwa maandishi na marehemu mwenyewe, asipokuwepo, mwenza wa ndoa, kisha watoto waliofikisha miaka 18, kisha wazazi, kisha ndugu. Mpangilio huo hauondoi kikao cha ukoo. Unamwambia tu ofisa wa mochwari, aliye peke yake saa nane usiku, ashike simu ya nani.

Jambo la kwanza katika mpangilio huo halihitaji kusubiri mawaziri. Sheria ya Virginia, ilikosikilizwa kesi ya Kigeli, inamruhusu mtu mzima kumteua kwa maandishi atakayesimamia mazishi yake, na aliyeteuliwa naye anaandika kwamba amekubali. Hakuna kinachomzuia dereva wa lori, mama wa duka au mwanafunzi wa Afrika Mashariki kufanya vivyo hivyo mbele ya wakili wa viapo: nikifa nje ya nchi, fulani ndiye atakayesaini, nizikwe mahali fulani, na fulani amekubali. Nakala moja ikae na pasipoti, ya pili na aliyeteuliwa, ya tatu na mke au mume. Hata mahali ambapo sheria haiifungi mahakama kwa karatasi hiyo, ofisa wa ubalozi na mwenye mochwari watakuwa na kitu cha kushika, na ndugu watapata aibu ya kukivuka.

Watu wengi hawapendi kuandika karatasi kama hiyo, wakiona ni kujitabiria kifo. Ila mtu huyo huyo anapovuka Mutukula hujaza fomu ya safari na kuandika jina la atakayempokea aendako. Hiyo ni fomu ya pili ya safari hiyo hiyo, nayo ina nafasi moja tu tupu. Asipoijaza yeye, itajazwa na wagombanao.